Rundo la mboji linavyosahihisha hesabu yako: uwiano wa kaboni na naitrojeni na hatua za joto

Makundi mawili ya wanafunzi wangu wa kozi ya rutuba ya udongo, huku Lushoto, yalijenga marundo ya mboji siku moja, hatua kumi kutoka moja hadi jingine. Yote mawili yalitumia mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa na samadi ya ng'ombe kutoka zizi moja. Kundi la pili liliongeza alizeti pori, ile yenye maua ya njano inayoota kando ya kila barabara ya Usambara. Siku ya nne asubuhi rundo la kundi la pili lilikuwa na nyuzi 61 za sentigredi katikati. La kwanza lilikuwa na nyuzi 41. Siku ya tano likafika 46, likakaa hapo siku mbili, halafu likaanza kushuka polepole wakati mabua yalikuwa bado magumu kama siku yalipokatwa.

Kundi la kwanza walidhani tatizo ni maji. Lakini maji yalikuwepo. Walikuwa wamemwagia madebe mawili, na ukikamua kiganja cha mchanganyiko ule, tone moja lilipenya kati ya vidole kama inavyotakiwa. Kilichokosekana kilikuwa naitrojeni, na jambo hilo lingeonekana kwenye karatasi kabla hawajashika beleshi. Mwongozo huu unafuata marundo hayo mawili tangu kwenye mizani mpaka mboji inapokomaa. Ninataka uone kwamba uwiano wa kaboni na naitrojeni unapigiwa hesabu mara moja tu, siku ya kujenga. Baada ya hapo ni joto linalokuambia kama hesabu ilikuwa sahihi.

Kwa nini tunalenga 30 kwa 1

Wanafunzi wengi hukariri namba 30 bila kujua imetoka wapi, kwa hiyo hawajui ni lini waisogeze. Imetoka kwenye mwili wa bakteria. Kwa kila sehemu moja ya naitrojeni, mwili wake una takribani sehemu 8 za kaboni. Lakini bakteria hali kaboni ya kujenga mwili peke yake. Anachoma nyingine ili apate nguvu, kama sisi tunavyochoma ugali, na kaboni hiyo hutoka kama hewa ukaa. Kwa kila sehemu 8 anazojengea mwili, huchoma takribani 16. Jumlisha upate 24. Basi chakula kinachomtosha bila kubakiza ni kile chenye sehemu 24 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni.

Sisi tunaanza juu kidogo, kati ya 25 na 30, kwa sababu si kaboni yote iliyo kwenye bua anayoweza kuifikia. Nyingine imefungwa ndani ya lignini, ile sehemu inayolipa bua ugumu wake, na lignini huliwa polepole sana.

Uwiano ukipanda hadi 45, bakteria wanakuwa na kuni nyingi na matofali machache. Wanashindwa kuzaliana haraka, na joto linakuwa dogo kwa sababu joto la rundo ni pumzi ya viumbe hao tu. Uwiano ukishuka chini ya 20, naitrojeni inazidi mahitaji yao na ile ya ziada inatoka kama gesi ya amonia. Harufu yake utaijua: ni ile inayochoma pua ukifungua banda la kuku lililofungwa usiku kucha. Kila unapoisikia kwenye rundo lako, ujue ni mbolea uliyoikusanya kwa jasho inayopaa hewani.

Hatua ya kwanza: pima uzito, kisha ondoa maji

Toroli si kipimo. Toroli la mabua makavu lina uzito mdogo sana ukilinganisha na toroli la samadi mbichi, na sehemu kubwa ya ile samadi ni maji. Maji hayana kaboni wala naitrojeni ya kuhesabu. Kwa hiyo kazi inaanza na mizani ya kuning'iniza na gunia, halafu unatafuta unyevu wa kila malighafi.

Unyevu unapatikana hivi. Chukua gramu 100 za sampuli iliyochanganywa vizuri, ikaushe, ipime tena. Maabara hutumia tanuri la nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike tena. Ukikosa tanuri, katakata laini, tandaza juu ya bati juani siku mbili tatu, ukiigeuza na kuiingiza ndani jioni isinyonye umande. Jua halitoi maji yote, lakini kosa linalobaki ni dogo kwa kazi yetu. Gramu 100 za alizeti pori zikibaki 20, unyevu ni asilimia 80.

Kuhusu asilimia za kaboni na naitrojeni, naitrojeni hupimwa maabara na kaboni inaweza kukadiriwa kutokana na majivu: choma sampuli kavu, toa asilimia ya majivu kwenye 100, gawanya kwa 1.8. Usipokuwa na maabara, tumia viwango vya kawaida vya malighafi hiyo, ila uwe macho na samadi. Samadi iliyokokotwa pamoja na udongo wa zizini ina majivu mengi na kaboni kidogo. Iliyokaa juani wiki kadhaa imeshapoteza sehemu ya naitrojeni yake, maana mkojo ndio uliobeba nyingi na ndio unaotangulia kupaa. Sisi tulitumia samadi ya siku hizo hizo, iliyokusanywa na mkojo wake kutoka kwenye zizi la sakafu ya saruji.

Hivi ndivyo tulivyovihesabu vitu vyetu vitatu:

| Malighafi | Unyevu (%) | Kaboni (% ya uzito mkavu) | Naitrojeni (% ya uzito mkavu) | Uwiano |
|---|---|---|---|---|
| Mabua ya mahindi | 12 | 45 | 0.7 | 64 |
| Samadi ya ng'ombe | 75 | 38 | 1.9 | 20 |
| Alizeti pori, majani na vitawi laini | 80 | 42 | 3.5 | 12 |

Hatua ya pili: hesabu ya rundo

Kanuni ni moja: jumlisha kilo zote za kaboni, jumlisha kilo zote za naitrojeni, ndipo ugawanye.

```
kaboni     = uzito x (100 - unyevu)/100 x asilimia ya kaboni/100
naitrojeni = uzito x (100 - unyevu)/100 x asilimia ya naitrojeni/100
uwiano     = jumla ya kaboni / jumla ya naitrojeni
```

Twende na kundi la kwanza. Walikuwa na kilo 100 za mabua na kilo 100 za samadi. Mabua yakitolewa maji yanabaki kilo 88, zenye kaboni kilo 39.6 na naitrojeni kilo 0.616. Samadi inabaki kilo 25 tu, zenye kaboni kilo 9.5 na naitrojeni kilo 0.475. Jumla ya kaboni ni 49.1, jumla ya naitrojeni ni 1.091. Gawanya upate 45 kwa 1. Ndilo lile rundo lililoishia nyuzi 46.

Sasa tuulize swali lenye faida zaidi: rundo hilo lilihitaji alizeti pori kiasi gani ili lifike 30? Kilo moja mbichi ya alizeti pori ina gramu 200 tu za uzito mkavu, na ndani yake mna kaboni kilo 0.084 na naitrojeni kilo 0.007. Tuseme tunahitaji kilo x:

```
(49.1 + 0.084x) / (1.091 + 0.007x) = 30
49.1 + 0.084x = 32.73 + 0.21x
16.37 = 0.126x
x = 130
```

Kilo 130. Kundi la pili waliweka 150, kwa sababu walipoangalia lundo lao waliona vijiti vigumu vimeingia, na kijiti kigumu hakina naitrojeni ya jani. Kwa hesabu ya jedwali rundo lao lilikuwa na kaboni kilo 61.7 na naitrojeni kilo 2.141, yaani uwiano wa 28.8. Hata kama vijiti viliupandisha kidogo, walikuwa bado ndani ya mpaka.

Hapa kuna mtego ninaoukuta kwenye daftari za wanafunzi karibu kila muhula: kuchukua uwiano wa kila malighafi na kutafuta wastani. Kwa mchanganyiko wetu jibu la namna hiyo linaangukia karibu na ukweli, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mwanafunzi anaamini njia yake ni sahihi. Mpe sasa vumbi la mbao lenye uwiano wa 400 na samadi ya kuku yenye uwiano wa 8, kilo 100 kavu kwa kilo 100 kavu. Wastani wa namba hizo ni 204, na atasema rundo haliwezi kuoza kamwe. Hesabu sahihi inasema hivi: vumbi la mbao lina kaboni kilo 48 na naitrojeni kilo 0.12, samadi ya kuku ina kaboni kilo 32 na naitrojeni kilo 4. Kaboni 80 gawanya kwa naitrojeni 4.12 ni 19. Huyo aliyeogopa rundo lisioze angeongeza samadi ya kuku zaidi, na majirani wangeisikia amonia.

Tena 19 yenyewe bado ni namba ya karatasi. Kaboni ya vumbi la mbao imefungwa sana kwenye lignini, kwa hiyo bakteria wanachokiona mezani ni kidogo kuliko kilo 48. Kwao ni kama uwiano uko chini zaidi ya 19, na amonia itatoka mapema. Huo ndio mpaka wa hesabu hii: inahesabu kaboni yote, wakati kinachooza wiki hizi ni ile inayofikika. Mabua yaliyokatwa vipande vya sentimita 5 yanafikika. Bua zima, lenye ganda lake la nje, halifikiki vizuri hata kama hesabu ni safi.

Hatua ya tatu: kulijenga

Ukubwa una maana yake. Rundo dogo linapoteza joto zaidi kupitia pande zake kuliko linavyolitengeneza, na huku milimani usiku wa baridi hulinyonya kabisa. Lisiwe chini ya mita moja kila upande. La kundi la pili lilikuwa na upana wa mita 1.2, urefu mita 1.2 na kimo cha takribani mita moja. Chini kabisa waliweka vijiti vinene kwa kupishanisha ili hewa ipite.

Sikubali tena matabaka manene yale ya sentimita 20 za mabua juu ya sentimita 5 za samadi. Bakteria aliye katikati ya tabaka la mabua hana habari na naitrojeni iliyo sentimita 10 juu yake. Kwake uwiano ni 64, hata kama rundo zima ni 29. Ama changanya kila kitu chini kwa uma kabla ya kurundika, ama fanya matabaka membamba ya kiganja kimoja na uyavuruge kidogo kila unapoongeza.

Maji nayo tuyahesabu. Mabua yalileta kilo 12 za maji, samadi kilo 75, alizeti pori kilo 120. Jumla ni kilo 207 ndani ya rundo la kilo 350, yaani unyevu wa asilimia 59, nasi tunataka kati ya 50 na 60. Kwa hiyo rundo lile lilikuwa na maji yake tayari. Shida ni kwamba maji yalikuwa ndani ya majani na mabua yalikuwa makavu kau. Kundi lile lilinyunyizia mabua ndoo mbili za lita 10 kwanza, yakalainika, ndipo wakachanganya. Wangemwaga madebe mawili kama jirani zao, wangelizamisha.

Majivu yaache pembeni. Najua wengi wamefundishwa kuyanyunyizia kila tabaka. Majivu hupunguza uchachu, na rundo lenye joto kali likishakuwa na majivu ndani yake, naitrojeni inageuka amonia na kuondoka kwa urahisi zaidi. Kama shamba lako lina uchachu na unataka kutumia majivu, yapeleke shambani moja kwa moja.

Hatua ya nne: kusoma joto

Tunatumia kipimajoto cha fimbo ndefu, kinachofika sentimita 50 ndani. Pima kila asubuhi saa ile ile, sehemu tatu, uandike. Asiye nacho atumie kipande cha nondo: kichomeke katikati ya rundo, kiache dakika 10, kivute na ukishike upande uliokuwa ndani. Kikiwa vuguvugu tu, rundo halijafika nyuzi 45. Ukishindwa kukishikilia sekunde chache, umeshavuka 50. Nondo haitakuambia kama ni 58 au 66, na tofauti hiyo ni kubwa, lakini itakuonyesha kupanda na kushuka.

Siku ya kwanza daftari la kundi la pili lilisoma nyuzi 22, siku ya pili 38, siku ya tatu 54, siku ya nne 61, siku ya tano 64. Siku ya sita na ya saba lilikaa kwenye 63, na siku ya tisa lilikuwa limeshuka hadi 52.

Kutoka 22 hadi kama 45 ndiyo hatua ya joto la kati. Wanaofanya kazi ni bakteria wa kawaida, wanaokula sukari na wanga, vile vitu vyepesi vya majani mabichi. Huzaliana kwa kasi, na joto wanalolitoa linawaua wenyewe. Rundo likivuka 45, wanaopenda joto kali wanachukua nafasi. Hawa hula protini, mafuta na selulosi, kwa hiyo ndio wanaovunja bua lenyewe. Hatua hii ndiyo inayoua vimelea vya magonjwa na mbegu za magugu. Nyuzi 55 ndio mstari. Kanuni za Marekani kwa marundo marefu yanayogeuzwa hutaka yakae kwenye 55 au zaidi kwa siku 15 na yageuzwe mara tano ndani ya siku hizo. Sababu ya kugeuza ni rahisi: katikati pako 62, lakini ganda la nje, upana wa mkono mmoja, liko kwenye 35, na mbegu za magugu zilizoko pale ziko salama.

Joto likikaribia 65, jiandae. Likivuka 70, hata wale wanaopenda joto wanakufa, na wanabaki wachache wenye uwezo wa kujifunga ndani ya ganda gumu wakingoja. Rundo linapoa ghafla, na mtu anadhani limekamilika. Usingoje: likisoma 66 asubuhi, ligeuze siku hiyo hiyo, na kama ni kavu linyunyizie maji wakati wa kuligeuza.

Utakapolifungua utaona unga mweupe au wa kijivu umetanda kwenye vipande vya mabua. Kila mwaka mwanafunzi mmoja hurudi nyuma akisema, "Mwalimu, limeota ukungu, limeharibika!" Halijaharibika. Hao ni aktinomaisiti, jamii ya bakteria wanaoota kama nyuzi, na ndio wanaotoa ile harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza. Ila kama vipande vyenye unga huo vinavunjika mkononi na vumbi linapaa, rundo limekosa maji.

Hatua ya tano: kushuka kwa joto kuna sababu zaidi ya moja

Hapa ndipo ninapotaka utulie, kwa maana hapa ndipo wengi hukosea. Kundi la pili walipoona 52 siku ya tisa hawakujua kama chakula kimeisha au hewa imeisha. Kipimajoto peke yake hakiwezi kutofautisha. Kinachotofautisha ni kugeuza.

Waligeuza rundo: la nje likaingia ndani, la ndani likatoka nje. Kesho yake lilisoma 43, kwa sababu kugeuza kunapoza, na baada ya siku mbili lilikuwa limepanda tena hadi 60. Jibu likawa wazi. Chakula kilikuwepo, hewa ndiyo iliyokuwa imeisha. Wakaendelea hivyo, wakigeuza kila joto liliposhuka chini ya 55. Kila mara kilele kilikuwa chini ya kile kilichotangulia, na kwenye mgeuzo wa tano, katika wiki ya tano, halikuvuka tena 42.

Rundo la kundi la kwanza tuliligeuza pia. Lilipanda kutoka 40 hadi 44, halafu likarudi. Hewa ilikuwepo, maji yalikuwepo, ukubwa ulitosha, na bado mabua yalikuwa magumu. Malighafi bado ipo na joto halirudi: basi ni naitrojeni. Tukachanganya kilo 130 za alizeti pori ile tuliyoikokotoa, iliyoachwa inyauke siku moja ili isilete maji mengi. Siku ya tatu kipimajoto kilisoma 58. Sikuhitaji kuwahutubia tena kuhusu uwiano.

Pua nayo inasaidia. Joto limeshuka na kuna harufu ya amonia: naitrojeni imezidi, changanya mabua makavu yaliyokatwa. Joto limeshuka na kuna harufu ya yai bovu au matope ya mtaro: maji yamejaa mahali pa hewa, geuza na weka kitu kikavu chenye vipande vikubwa. Hakuna harufu yoyote, na ndani ni kavu hata mkono haushiki unyevu: nyunyizia maji wakati unageuza, si kwa juu, kwa sababu maji ya juu hupita kwenye mifereji michache na kutokea chini bila kulowesha kitu.

Hatua ya sita: kupoa na kukomaa

Rundo likiacha kupanda baada ya kugeuzwa, wakati mabua yamekuwa meusi na yanakatika kwa vidole, limeingia hatua ya kupoa. Kuvu waliokimbilia pembezoni wakati wa joto kali wanarudi katikati, na kazi yao ni lignini iliyobaki. Minyoo huanza kupanda kutoka chini. Sasa acha kuligeuza kila wiki. Lifunike kwa majani ya migomba lisichujwe na mvua, na ulipe wiki nne hadi nane za kukomaa. Huku kwenye baridi mimi natoa nane.

Hatua hii hurukwa sana, kwa kuwa rundo lililopoa linafanana na mboji iliyokwisha. Tuangalie hesabu. Tuseme asilimia 60 ya kaboni ya kundi la pili imetoka kama hewa ukaa, na asilimia 15 ya naitrojeni imepotea. Kaboni inabaki kilo 24.7, naitrojeni kilo 1.82, na uwiano ni 13.6. Mboji iliyokomaa huwa kati ya 10 na 15. Lakini ungelichota rundo lile wiki ya tatu, wakati labda theluthi moja tu ya kaboni imetoka, uwiano ungekuwa karibu na 20, na uozo ungeendelea ndani ya udongo, karibu na mizizi. Rundo la kundi la kwanza lingekuwa juu zaidi ya hapo. Bakteria wakikosa naitrojeni kwenye chakula chao huichukua kwenye udongo, na wanaishika kabla mzizi haujaifikia. Mahindi yanageuka njano kuanzia majani ya chini, na mkulima anasema mboji imechoma mazao. Haikuyachoma, iliyanyima.

Kwa hiyo tunafanya vipimo viwili kabla ya kuipeleka shambani. Cha kwanza ni cha mfuko: chukua mboji yenye unyevu wa kawaida, ijaze nusu ya mfuko wa plastiki, funga, iache ndani ya nyumba siku tatu. Ukifungua ukasikia amonia au uvundo, irudi kwenye rundo wiki mbili nyingine. Ikinukia udongo, nenda kwenye cha pili. Jaza kopo moja mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo wa bustani, na kopo jingine udongo huo huo mtupu. Panda mbegu 20 za mchicha kila kopo, mwagilia sawa, hesabu zilizoota baada ya siku saba.

Mboji ya kundi la pili iliotesha mbegu 18 kati ya 20, na udongo mtupu 17. Ya kundi la kwanza, iliyotoka wiki ile ile, ilipita kipimo cha mfuko lakini ikaotesha 11, na miche yake ilikuwa na majani ya mbegu yaliyopauka. Tuliirudisha chini ya majani ya migomba kwa mwezi mmoja, kisha tukapanda kopo jingine. Safari hii zikaota 18.